Mbwa Anayeshinda Peke Yake Nyumbani: Maji, Mazoezi na Mwenzi wa Mchana

Tuchukue mfano wa mbwa mzima mwenye uzito wa kilo 20, anayeishi uani katika kitongoji cha pembezoni mwa Dar es Salaam. Mwenye mbwa huondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi foleni, na hurejea saa moja jioni. Hivyo mnyama huyu hushinda peke yake kwa muda wa saa kumi na tatu na nusu, ilhali mbwa mzima hafai kuachwa mfululizo zaidi ya saa nne hadi sita. Mtoto wa mbwa huweza kustahimili muda mfupi zaidi.

Jambo la kwanza kulitazama ni kivuli, kwa kuwa maji hutegemea kivuli. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kutweta. Jasho lake, linalotoka kwenye nyayo, ni dogo mno kumsaidia. Kila anapotweta hupoteza maji. Ukuta unaompa kivuli asubuhi humwacha juani alasiri, na ikiwa amefungwa mnyororo hawezi kukifuata kivuli kinapohama. Kwa sababu hiyo mnyororo haufai kabisa kwa mbwa asiye na mtu wa kumwangalia. Banda la bati nalo hugeuka tanuri ifikapo adhuhuri, isipokuwa limeezekwa makuti juu ya bati na kuachwa wazi pande mbili ili hewa ipite. Mwembe wenye majani mengi ni bora kuliko vyote hivyo.

Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wetu, basi, huhitaji lita moja au zaidi kidogo, na siku za joto kali kiasi hicho huweza kuongezeka maradufu. Mwekee lita tatu katika vyombo viwili vizito vya udongo au saruji, kila kimoja mahali pake, ili kimoja kikipinduliwa kingine kibaki. Pima maji uliyoweka na yaliyosalia jioni. Ukiona kwa siku kadhaa mfululizo anakunywa zaidi ya lita mbili bila sababu ya joto wala mazoezi, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ana ugonjwa wa figo au kisukari, au, kwa jike asiyehasiwa, usaha katika mfuko wa uzazi.

Vyombo hivyo visuguliwe kwa brashi kila siku, wala isitoshe kumwaga maji tu. Mbu aina ya Aedesi, aenezaye homa ya dengi, hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, nayo hubaki hai hata chombo kikikauka.

Mazoezi yafanyike kabla ya mwenye mbwa kuondoka, yaani saa kumi na robo hivi, wakati ardhi imepoa. Matembezi ya dakika 30 hadi 40 yanamfaa, huku akiachwa anuse njiani apendavyo, kwa maana kunusa humchosha akili kama vile kukimbia kunavyomchosha mwili. Apumzike kwanza ndipo ale. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu huweza kujikunja tumbo, hali inayoua kwa saa chache.

Kuhusu mwenzi, ziara moja ya adhuhuri haitoshi kwa mfano wetu, kwa kuwa itaacha vipindi viwili vya takriban saa saba kila kimoja. Ziara mbili, ya saa nne asubuhi na ya saa tisa alasiri, hugawa siku vizuri: hakuna kipindi kinachozidi saa tano. Jirani mtu mzima aliyezoeana na mbwa akiwapo mwenye mbwa anatosha, kwa dakika ishirini. Mtoto asitumwe peke yake. Mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na jirani ajue kwamba jeraha lolote la meno huoshwa kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha huendewa hospitali siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, baadhi ya mbwa huharibu vitu ingawa wamepewa yote haya. Acha simu ikirekodi ndani ya nyumba. Mbwa mwenye uchovu wa upweke hulala kwanza, kisha hutafuna kiatu au huchimba hapa na pale. Mwenye hofu ya kuachwa hulia ndani ya nusu saa ya kwanza, hukwaruza mlango au geti alikopitia bwana wake, na hudondosha mate mengi. Huyu wa pili haponi kwa kuletewa mbwa mwingine, na kumchapa jioni humzidishia hofu. Azoeshwe kuachwa dakika moja, kisha mbili, kisha tano, akirudiwa kabla hajaanza kutaharuki, na katika majuma hayo ya mafunzo ashinde na mtu. Hofu ikiwa kali mno, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia dawa ya kumtuliza sambamba na mafunzo hayo.