Kiungo Kimoja, Kiti Kimoja: Namna ya Kulinda Semina ya Mtandaoni Inayolipiwa

Semina ya mtandaoni inayolipiwa ni darasa lisilo na kuta. Anayejiandikisha hulipa ada, kisha hupelekewa kiungo, yaani anwani ya mtandao ambayo akiibonyeza huingizwa darasani. Lakini kiungo ni maandishi tu, na maandishi hunakiliwa bila gharama yoyote. Mtu mmoja akilipa, kisha akakituma kiungo chake katika kundi la WhatsApp lenye watu sitini, wote sitini waweza kuwamo darasani kwa ada ya mtu mmoja.

Katika makala haya tutachunguza namna ya kuzuia jambo hilo. Tutaona kwamba kumpa kila aliyelipa kiungo chake peke yake ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kuhesabu viti.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano. Tuseme walimu kadhaa wa fizikia wameandaa semina ya marudio ya dakika 90 kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Ada ni shilingi 5,000, na waliolipa ni 200.

Msimbo usiobahatishika

Hatua ya kwanza ni kuweka ndani ya kila kiungo msimbo unaomhusu mtu mmoja tu. Katika daftari la seva, yaani kompyuta inayoendesha semina, kila msimbo huandikwa pamoja na jina na namba ya simu ya aliyelipa.

Mtu aweza kudhani kwamba namba ya tarakimu nne yatosha. Hebu tuhesabu. Namba za tarakimu nne ni 10,000 kwa jumla, na misimbo halali ni 200. Hivyo, kwa wastani, katika kila majaribio 50 ya kubahatisha, moja litafaulu. Kompyuta huyamaliza majaribio hayo kufumba na kufumbua. Vibaya zaidi ni kutumia namba zinazofuatana, kwa kuwa mwenye namba 57 hujua papo hapo kwamba 58 nayo ni halali.

Kwa hiyo msimbo yafaa uwe mrefu na utokane na bahati nasibu ya kweli. Katika lugha ya kompyuta iitwayo Python, mistari miwili yatosha:

```
import secrets
msimbo = secrets.token_urlsafe(16)
```

Hapa kompyuta huchagua baiti 16, yaani biti 128, na kuziandika kwa alama 22, mathalan `q3ZtV8mLw0aYh7RkE2xPdg`. Idadi ya misimbo inayowezekana ni 2 kwa kipeo cha 128, ambayo ni takriban 3.4 × 10³⁸. Hata mwizi angejaribu misimbo milioni elfu moja kila sekunde, angehitaji kwa wastani miaka zaidi ya 10¹⁹ ili kuupata mmoja kati ya ile 200. Mwanafunzi atambue kwamba chombo kingine cha Python kiitwacho `random` hakifai kwa kazi hii, kwa maana aliyeona matokeo yake ya kutosha aweza kuyatabiri yanayofuata.

Tiketi na kiti

Sasa kila mtu ana msimbo wake, na hakuna awezaye kuubahatisha. Je, tumezuia ugawaji? La, bado. Msimbo hautambui mkono ulioushika. Mwanafunzi aliyelipa akimpa rafiki yake kiungo, rafiki huyo ataingia bila kubahatisha chochote. Tulichopata mpaka hapa ni uwezo wa kujua kiungo kilichovuja ni cha nani.

Dawa yake inafahamika kwa yeyote aliyesafiri kwa basi la mikoani. Tiketi ina namba ya kiti. Hata mkitoa nakala kumi za tiketi moja, kiti ni kimoja, na anayekaa ni mmoja. Vivyo hivyo seva yapasa kuhesabu si tiketi bali viti: msimbo mmoja uwe na kikao kimoja hai kwa wakati mmoja.

Hapo huzuka swali gumu. Mtu wa pili akifika na msimbo ambao tayari una mtu kitini, nani aondoke?

Jibu linalokuja upesi ni kumkataa wa pili. Lakini tazama linavyomdhuru mwaminifu. Mwanafunzi aliyelipa yumo darasani, mtandao wa simu yake unakatika, naye anarudi baada ya nusu dakika. Seva haijapata habari kwamba kikao chake cha kwanza kimekufa, kwa hiyo inamwona kama mgeni na kumfungia nje kwa tiketi yake mwenyewe. Aidha, rafiki aliyepewa kiungo akiwahi kufika, mlipaji ndiye atakayebaki nje.

Kanuni iliyo bora ni kinyume chake: anayeingia mwisho ndiye mwenye kiti, na aliyetangulia huondolewa. Mwaminifu aliyekatikiwa na mtandao hurudi mara moja. Anayegawa kiungo hujiumiza mwenyewe, kwa kuwa kila rafiki anayeingia humwondoa yeye.

Mapigo ya kikao

Kanuni hii hutekelezwa kwa urahisi wa kushangaza. Mtu anapoingia, seva humpa namba mpya ya kikao na kuiandika katika mstari wa msimbo wake, ikiifuta ile iliyokuwapo:

```
UPDATE viti SET kikao = 'K8'
WHERE msimbo = 'q3ZtV8mLw0aYh7RkE2xPdg';
```

Baada ya hapo, ukurasa wa kila mtazamaji hupeleka pigo kwa seva, tuseme kila sekunde 15, ukitaja namba yake ya kikao. Seva hulinganisha. Namba ikiwa ni ile iliyoandikwa daftarini, video huendelea. Ikiwa si hiyo, video husimama na maneno hutokea: "Kiungo chako kimefunguliwa katika kifaa kingine." Hata watu wawili wakiingia kwa nukta ileile, hakuna utata, kwa sababu daftarini hubaki namba moja tu.

Hata hivyo kanuni hii ina upungufu. Rafiki wawili wakiwa wabishi, kila aondolewaye aweza kubonyeza tena papo hapo. Mwenzake hatagundua kwamba ameondolewa mpaka pigo lake lijalo, pengine baada ya sekunde 14. Kwa njia hiyo wote wawili wataona sehemu kubwa ya semina, ingawa kwa kukatizwa-katizwa. Kwa sababu hiyo seva ihesabu pia ni mara ngapi kiti kimehama kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Kifaa hutambuliwa kwa kuki, alama ndogo ambayo seva huiacha katika kivinjari.

Turudi katika mfano wetu na tusome kumbukumbu za viti viwili. Mwenye kiti cha 57 aliingia saa 8:00 mchana kwa simu, akapotea saa 8:31, akarudi saa 8:32 kwa simu ileile, na saa 8:40 akahamia kwenye kompyuta. Ameingia mara tatu, lakini kiti kimehama kifaa mara moja tu. Huyu ni mtu mmoja mwenye mtandao dhaifu. Katika kiti cha 112, kifaa cha kwanza kiliingia saa 8:01, cha pili saa 8:03, cha kwanza tena saa 8:03, cha pili saa 8:04, na hivyo hivyo hadi saa 8:10, ambapo kiti kilikuwa kimehama mara tisa. Mtu mmoja hana sababu ya kuruka hivyo kati ya vifaa viwili.

Tukiweka mpaka wa mara tano katika dakika 10, kiti cha 57 hakiguswi, nacho cha 112 husimamishwa. Hata hapo mwenye kiti hafukuzwi. Seva hutuma tarakimu sita kwa simu iliyolipia, na kifaa kitakachoziandika ndicho kitakachoendelea. Mlipaji hurudishiwa haki yake, naye rafiki hubaki bila kiti.

Wako wanaopendekeza kumtambua mtu kwa anwani ya mtandao ya kifaa chake. Njia hii hupotosha. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, na kompyuta zote za maabara ya shule huonekana kwa nje kama kifaa kimoja. Kwa upande mwingine, mtu mmoja akitoka kwenye mtandao wa nyumbani na kutumia wa simu, anwani yake hubadilika.

Makosa mawili ya ujenzi

Kosa la kwanza ni kuhesabu kule kufunguliwa kwa kiungo kuwa ndiko kuingia. Kiungo kikiwekwa katika WhatsApp, programu yenyewe hukifungua ili ionyeshe muhtasari wa ukurasa. Mitambo mingi ya barua pepe nayo hufungua viungo ili kukagua kama vina hatari. Ikiwa kiungo kimetengenezwa kife baada ya kufunguliwa mara moja, mashine hizo zitakiua kabla mwenyewe hajakigusa. Kwa hiyo kiungo kioneshe tu ukurasa wenye kitufe cha "Ingia", na kiti kitolewe pale kitufe kinapobonyezwa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Baadhi ya waandaaji humpa kila mtu kiungo cha pekee, lakini kiungo hicho, baada ya kukagua msimbo, humpeleka kila mtu kwenye anwani moja ya darasa ambayo ni sawa kwa wote. Mlipaji huiona anwani hiyo juu ya kivinjari, huinakili, na kuigawa. Mlango wa mbele una kufuli, wa uani uko wazi. Dalili yake ni rahisi kuiona: waliomo darasani ni wengi kuliko viti vilivyoandikwa daftarini. Dawa ni kwamba seva inayotoa video nayo idai msimbo, na anwani za video ziwe na muda mfupi wa kuishi. Katika mitambo iliyo tayari kama Zoom, mwandaaji awashe uandikishaji, na aangalie mpangilio unaoruhusu mtu mmoja kuingia kwa vifaa vingi, ili auzime ikihitajika.

Mipaka ya ulinzi huu

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayomzuia mtu kuwaita jirani zake watazame kioo kimoja, au kurekodi kwa simu nyingine. Kiti kinalindwa, macho hayalindwi. Baadhi ya waandaaji huandika jina la mlipaji kwa wino hafifu juu ya video, ili rekodi ikivuja ijulikane ilikotoka.

Maswali ya kujipima

1. Ikiwa msimbo una tarakimu sita zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na waliolipa ni 200, ni majaribio mangapi kwa wastani yatakayofaulu mara moja?
2. Eleza faida moja na hasara moja ya kupunguza muda wa pigo kutoka sekunde 15 hadi sekunde 2, ukizingatia watazamaji 200.
3. Kwa nini kiti cha 57 kingesimamishwa kimakosa kama seva ingehesabu anwani za mtandao badala ya vifaa, na mwenye kiti angekuwa safarini?