Bei ya Nguo Si Ile Inayotajwa Kibandani

Somo hili limetokana na hotuba ya mshauri wa mavazi kwa kikundi cha vijana wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Maneno yameachwa kama yalivyosemwa, isipokuwa pale ambapo mzungumzaji alishika nguo mkononi akaionyesha. Hapo tumeeleza kilichoonyeshwa.

Ndugu vijana, wengi wenu mnatoka katika nyumba ambazo fedha huingia kwa msimu. Kahawa ikishauzwa mkononi huwa na kitu, na ndipo vibanda vya mitumba vinapojaa watu. Ifikapo Februari mwaka unaofuata, suruali iliyonunuliwa Agosti imepasuka mapajani, na fedha ya kununua nyingine haipo. Leo nitazungumzia jinsi ya kuinunua nguo ya Agosti ili ikufikishe Agosti nyingine.

Jambo la kwanza ni hesabu. Bei inayotajwa na muuzaji ni sehemu tu ya bei. Jumlisha na fedha utakayompa fundi cherehani ili nguo ikukae vizuri, kisha gawa kwa idadi ya siku utakazoivaa kabla haijachakaa. Jibu unalolipata ndiyo bei halisi ya nguo ile. Ukizoea kuhesabu hivyo, nguo nyingi za bei ya chini utaziacha palepale ulipozikuta.

Nitawapa mfano. Kijana wa Mbamba Bay ana shilingi 30,000 na anaitwa kwenye usaili Mbinga mjini. Kibandani anakuta suruali mbili. Ya kwanza ni shilingi 5,000. Inambana mapajani, na akiinyanyua kwenye mwanga wa jua anaona kitambaa cha katikati ya miguu kimekuwa chepesi kama chandarua. Ya pili ni shilingi 9,000. Kitambaa chake ni kizima, ila ni ndefu na kiuno ni kipana. Fundi atataka, tuseme, 2,000 kwa pindo na 1,500 kwa kiuno. Jumla ni 12,500. Mwenzake anamcheka kwamba amenunua ghali. Lakini ile ya kwanza, kwa hali niliyoieleza, itavaliwa mara kumi hivi kabla ya kupasuka: ni shilingi 500 kila mara. Ya pili ikivaliwa mara moja kwa juma itafika mara hamsini kwa mwaka: ni shilingi 250 kila mara, na bado itakuwapo.

Shati alilipata kwa shilingi 4,000. Lilikuwa jema, ila ukosi ulikuwa umelika pale unapokunjika shingoni. Wengi huliacha shati la namna hiyo, na ndiyo sababu muuzaji hushusha bei. Fundi anayeijua kazi yake huufumua ukosi, huugeuza upande wa chini uje juu, kisha huushona tena. Kwa shilingi 1,500 shati linakuwa na ukosi mpya. Mpaka hapo kijana ametumia 18,000. Fulana ya ndani na soksi alinunua mpya, kwa shilingi 5,000. Zikabaki 7,000 za nauli na chakula. Viatu vyake vya zamani vilipakwa rangi, vikatosha.

Mtauliza kwa nini fulana na soksi ziwe mpya ilhali za mitumba zipo kwa bei ndogo. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, kwa sababu nguo inayogusana na sehemu za siri au kulowa jasho inaweza kubeba maradhi ya ngozi. Anayekuuzia nguo hizo anakuuzia bidhaa iliyokatazwa, hata kama amezipanga vizuri na kuzinyoosha.

Sasa nguo ipimwe vipi pale kibandani, penye msongamano na belo limefunguliwa muda huohuo? Jambo moja ni kutokuwa na haraka. Toka na nguo nje kwenye mwanga, kwa sababu taa na turubai la rangi huficha madoa. Inyooshe mbele ya jua na utazame kwapani, katikati ya miguu, magotini na viwikoni; hapo ndipo nguo hufia. Kisha igeuze ndani nje. Tazama mshono wa nyuma ya kiuno na wa pembeni: je, kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono ni upana wa kidole au ni uzi tu? Kikiwa upana wa kidole, fundi ana mahali pa kupanulia. Kikiwa uzi tu, nguo ile inaweza kupunguzwa lakini haiwezi kuongezwa, hata fundi akuahidi nini. Zipu ifungue na kuifunga mara tatu, kisha ivute ikiwa imefungwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho vijana wengi hukikosea, nacho ni mabega. Koti au shati likiwa refu hukatwa, likiwa pana tumboni hubanwa, mikono ikizidi hufupishwa. Lakini mshono wa bega ukishuka kuelekea kwenye mkono, kuurudisha ni kazi ya kulifumua koti zima, na malipo yake mara nyingi huzidi bei ya koti lenyewe. Kwa hiyo koti huchaguliwa kwa mabega, suruali huchaguliwa kwa nyonga na mapaja. Mengine mwachie fundi.

Baada ya kupima umbo, pima kitambaa. Hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwingine, kwa kuwa wilaya hizi mbili zina hali za hewa mbili. Ziwa lipo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupanda hadi kupita mita 1,500. Mtu anaweza kutoka Mbamba Bay asubuhi akitokwa jasho na kufika Mbinga akitetemeka, hasa Juni na Julai. Kwa mwambao, pamba ndiyo rafiki, kwa sababu hunyonya jasho. Poliesta hainyonyi, jasho hubaki mwilini na nguo huanza kunuka kabla ya adhuhuri. Kwa milimani msitafute koti moja zito. Shati la pamba, sweta la sufu juu yake, na koti jepesi la kuzuia upepo hutosha, na jua likitoka unavua moja moja.

Muuzaji akikuambia kwamba kitambaa ni pamba tupu, unaweza kuhakikisha ukifika nyumbani, na ukiwa umenunua kwa mtu unayemfahamu ni somo la safari ijayo. Chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, ushike kwa koleo au kibanio juu ya sahani ya bati, mbali na nguo yenyewe, uuwashe. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Ukiona majivu na kidonge kwa pamoja, kitambaa ni mchanganyiko. Mchanganyiko si kasoro. Hukunjamana kidogo na hudumu. Kasoro ni kuuziwa mchanganyiko kwa bei ya pamba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora na asili ya bidhaa, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ili lalamiko liwe na miguu, omba risiti iliyoandikwa jina la bidhaa, si neno “nguo” peke yake.

Mmoja wenu aliniuliza kabla sijaanza: “Mama, na vitenge vya sare za harusi je? Kamati imeshachagua, sisi tunalipa tu.” Swali hili lina maumivu yake, maana kijana mmoja anaweza kualikwa harusi tatu baada ya mavuno na kila moja ina kitenge chake. Mimi sioni aibu kumwambia mwanakamati kwamba nitavaa cha mwaka jana chenye rangi inayofanana. Lakini ukiamua kununua, nunua kama mlaji.

Kitenge huuzwa kipande cha yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu. Kimekunjwa mikunjo sawa, kwa hiyo pima mkunjo mmoja kwa utepe, hesabu mikunjo yote, zidisha. Vipande pungufu vipo, nao wanaodaiwa fedha ya yadi sita hawajui mpaka fundi aseme kitambaa hakitoshi. Muuzaji anayekata kwa fimbo ya yadi anatakiwa kutumia kipimo kilichohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Tafuta muhuri wao kwenye fimbo hiyo. Halafu kigeuze kitenge. Kilichochapwa kwa nta huwa na rangi karibu sawa pande zote mbili. Kile ambacho upande wa nyuma umepauka kimechapwa upande mmoja tu. Kinavalika, ila hakistahili bei ya kile cha kwanza, hata kama ukingoni kimeandikwa jina la nchi ya mbali.

Kabla hujampelekea fundi, lowesha kona ya kitenge na uifinye ndani ya kitambaa cheupe. Cheupe kikibadilika rangi, kitenge kitachuja, na kola nyeupe au bitana nyeupe isiwekwe humo. Kisha kifue kipande kizima na kukianika. Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na ni heri irudi ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni lililokwisha kushonwa. Wengine husema chumvi hushika rangi. Kwa vitambaa vya kiwandani vya siku hizi chumvi haisaidii kitu cha maana; maji baridi na kufua peke yake ndiyo dawa.

Neno kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye dagaa kule Liuli na Lituhi. Harufu ya mafuta ya samaki hung’ang’ania poliesta kuliko pamba, na sabuni ya kawaida huiacha hapohapo. Tengeni nguo moja ya pamba ya kazi, ilowekwe jioni ileile kabla mafuta hayajakauka, na isifuliwe pamoja na ya kanisani au ya msikitini. Nguo ya kutokea ianikwe imegeuzwa ndani nje, kivulini penye upepo. Jua la ufukweni huchukua rangi ya mabega kwanza, na kamba ya kuanikia iliyofungwa upande wa mashariki wa nyumba hupata kivuli baada ya adhuhuri.