Tiketi Inasema 08:00, Nyumbani Tunasema Saa Mbili

Somo letu safari hii ni la kusoma saa kwenye tiketi. Msicheke. Mtu anaweza kuwa amesoma vizuri, anaweka vitabu vya kikundi bila kosa hata la shilingi moja, na bado akaachwa na treni kwa sababu ya tarakimu mbili tu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kiembeni ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Kikundi kimemtuma Voi kumalizia malipo ya mbuzi wawili, na muuzaji amesema atawangojea mpaka mchana wa siku hiyo tu, kwani kuna mteja mwingine. Binti yake yuko Nairobi. Anamkatia mama tiketi kwa simu, ile namba ya *639#, analipa kwa M-Pesa, na ujumbe unarudi. Ndani yake imeandikwa 08:00. Binti anapiga simu.

"Shikamoo mama. Tiketi yako tayari, ni ya kesho saa nane."

"Marahaba mwanangu. Saa nane, haya. Mungu akuweke."

Mama anapanga siku yake. Asubuhi anafua, anapika, anaondoka nyumbani saa tano ili afike mapema. Saa saba mchana yuko kituo cha Miritini, saa nzima kabla, moyo umetulia. Askari wa getini anaitazama tiketi, anamwambia: "Mama, treni hii imeondoka saa mbili asubuhi." Iko treni nyingine ya saa tisa, lakini tiketi yake si ya hiyo. Na Voi muuzaji anaangalia barabara.

Nani amekosa? Binti hakusema uongo. Kwenye simu yake ameona 8, naye amesema nane. Mama naye amesikia sawasawa. Kwa mama, saa nane ni wakati watu wanapomaliza chakula cha mchana. Kosa liko katikati, pale tarakimu ya saa ya kizungu ilipotamkwa kwa maneno ya saa ya Kiswahili. Watoto waliokaa mijini hufanya hivi bila kujijua, na hata sisi tuliobaki nyumbani hufanya tukiwa tunasoma karatasi kwa haraka.

Hesabu yetu huanza na jua. Huku pwani tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Likishachomoza tunahesabu saa ya kwanza ya mchana, ndiyo saa moja. Likishazama tunaanza tena, saa moja ya usiku. Saa ya kizungu huanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala. Ndiyo sababu tofauti ya hizi mbili ni saa sita kamili, haizidi wala haipungui, na dakika hazibadiliki kabisa. Ikiwa 08:25, kwetu ni saa mbili na dakika ishirini na tano.

Sasa njia rahisi ya kugeuza. Wengi hufundishwa kutoa sita, na ni sawa kwa asubuhi: nane toa sita ni mbili. Lakini ikifika alfajiri mtu hukwama, kwa maana huwezi kutoa sita kwenye nne. Basi acheni hesabu. Chukueni saa ya ukutani yenye mishale, au chora duara chini kwa kijiti na kuandika namba kumi na mbili. Weka kidole kwenye 8. Sasa vuka moja kwa moja mpaka upande wa pili, ukipita katikati. Utaangukia 2. Hiyo ndiyo saa yetu. Kutoka 4 utaangukia 10, nayo ni saa kumi alfajiri. Kutoka 6 utaangukia 12. Saa sita ni nusu ya duara, ndiyo maana kidole hakikosei.

Zikija namba zilizopita kumi na mbili, kama 15:00 au 22:00, kwanza toa kumi na mbili. Kumi na tano inabaki tatu, na mkabala wa tatu ni tisa: saa tisa mchana. Ishirini na mbili inabaki kumi, na mkabala wa kumi ni nne: saa nne usiku. Namba hizi kubwa watu huziogopa, lakini kwa maoni yangu ndizo zenye huruma. Kumi na tano haifanani na saa yoyote ya kwetu, kwa hiyo mtu husimama na kuuliza. Nane ndiyo mwongo, kwa sababu inafanana na saa tunayoijua.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe. Kwa nini treni ya asubuhi ndiyo huacha watu zaidi? Kutoka Mombasa, treni ya abiria iendayo Nairobi, ile ya Madaraka iliyoanza mwaka wa 2017, imekuwa na safari tatu kwa siku: 08:00, 15:00 na 22:00. Jaribuni kuzisoma vibaya moja moja. Wa 22:00 akiambiwa "saa kumi," atakuja saa kumi jioni. Atakaa kituoni saa sita, atachoka na kununua chai mara tatu, lakini treni ataipanda. Wa 15:00 akiambiwa "saa tatu," mara nyingi atakuja saa tatu asubuhi, naye pia atangoja tu. Wa 08:00 akiambiwa "saa nane" hana bahati hiyo. Saa nane yetu inakuja baada ya saa mbili, wala si kabla yake. Kosa ni lile lile la saa sita, lakini hapa linaangukia nyuma ya treni. Na treni hii ya asubuhi ndiyo inayosimama vituo vya njiani, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na vinginevyo, kwa hiyo watu wa vijijini ndio huitumia.

Kuna mtego wa pili, nao huwapata hata waliosoma tiketi sawasawa. Ni kengele ya simu. Tupange safari ya mama wetu upya, tukirudi nyuma kutoka saa ya treni. Treni inaondoka saa mbili asubuhi. Inafaa awe Miritini saa moja, kwa sababu pale kuna ukaguzi: mizigo hupangwa chini na mbwa kupitishwa, halafu kuna mashine, halafu kitambulisho hutazamwa na tiketi, na geti hufungwa kabla ya treni kung'oa. Kutoka Kiembeni mpaka Miritini ni lazima ashuke Kisauni, avuke daraja la Nyali, apite Buxton na Makupa, kisha Changamwe, na huenda akabadilisha matatu. Asubuhi daraja la Nyali mnalijua wenyewe. Basi aondoke nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na aamke saa kumi na nusu.

Anachukua simu kuweka kengele. Kichwani ana saa kumi na nusu, naye anaandika 10:30. Simu haijui Kiswahili cha saa. Itanyamaza alfajiri yote na kulia saa nne na nusu asubuhi, treni ikiwa imeondoka saa mbili na nusu zilizopita. Alitakiwa kuandika 04:30, na kama simu yake ni ya AM na PM, basi 4:30 AM. AM ni kuanzia katikati ya usiku mpaka adhuhuri, PM ni kuanzia adhuhuri mpaka katikati ya usiku. Simu nyingine ukishaweka kengele hukuambia imebaki muda gani kabla ya kulia. Yasome maneno hayo. Ukilala saa tatu usiku na simu ikasema zimebaki saa saba na nusu, uko salama. Ikisema kumi na tatu na nusu, umekosea.

Namba ya kuangalia kwa macho mawili ni 12. 12:30 AM ni saa sita na nusu usiku. 12:30 PM ni saa sita na nusu mchana. Kwenye hesabu ya ishirini na nne, saa sita na nusu usiku huandikwa 00:30, na tarehe imeshageuka. Tiketi ya basi ya tarehe 14, saa 00:30, inataka uwe kituoni usiku wa tarehe 13. Sisi husema usiku wa kuamkia tarehe 14, na ukisema hivyo kwa sauti hutapotea. Mtu akingoja usiku wa tarehe 14 wenyewe, atakuwa amechelewa karibu siku nzima.

Lakini msigeuze kila karatasi. Njia ya kidole ni ya saa iliyochapwa na mashine. Ukivuka Lungalunga kwenda Tanga au Dar es Salaam, unaweza kupewa tiketi ya basi iliyoandikwa saa 12:00 asubuhi, na hapo wanamaanisha saa kumi na mbili yetu ile ile, jua likichomoza. Ukiigeuza tena, utafika saa sita mchana na basi limekwenda. Utajuaje? Tazama kinachofuata namba. Kukiwa na neno asubuhi, mchana au usiku kwa Kiswahili, mara nyingi saa ni yetu. Kukiwa na AM au PM, au sifuri mbele kama 08:00, au namba iliyopita 12, ni ya kizungu. Na ikiwa imeandikwa kwa kalamu bila neno lolote, muulize karani pale pale kabla hujaondoka dirishani: "Jua litakuwa wapi?" Atacheka, lakini atajibu.

Kwenye mkutano ujao fanyeni hivi. Mmoja asome tiketi kwa kutaja tarakimu tu, "sifuri nane, sifuri sifuri," bila kutamka neno saa. Mwingine aweke kidole kwenye duara na kuvuka, aseme kwa Kiswahili akiongeza sehemu ya siku. Wa tatu arudi nyuma mpaka saa ya kuamka, aiandike jinsi simu inavyotaka. Anzeni na 06:45, halafu 05:10, halafu 19:20, halafu 12:15 AM. Majibu: saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano asubuhi, ambayo wengi mtaiita saa moja kasorobo, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, saa moja na dakika ishirini usiku, saa sita na robo usiku.

Na yule binti wa Nairobi, akikata tiketi nyingine, aseme hivi: "Mama, ni saa mbili asubuhi. Kwenye karatasi utaona nane." Mama naye amrudishie: "Saa mbili asubuhi, chai ya asubuhi nitaikosa."