Bei ya Jumatatu, mzigo wa Jumamosi

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka Gehandu, mkoani Manyara. Mkulima analeta mbaazi kwenye ghala la chama cha ushirika Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Wiki hiyo daraja la kwanza linanunuliwa shilingi 1,450 kwa kilo. Jumatatu tarehe 14 bei inashuka hadi 1,380, na malipo yanafanyika Jumatano. Alipwe ipi?

Mwenye busara atajibu kuwa hilo liamuliwe na wanachama kabla ya msimu kuanza. Sawa, na tuseme wameamua kuwa bei ni ya siku ya kupokea mzigo. Sasa kazi ni kuhakikisha kompyuta ya chama inaukumbuka uamuzi huo hata baada ya bei kubadilika mara kumi. Kubadilika ni lazima: Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazoagiza kutoka nje, na mkulima wa Manyara akaiona bei ikianguka bila yeye kukosea lolote shambani.

Tuanze na mizani. Magunia mawili yanapimwa na kutoa kilo 204.6. Huo ni uzito ghafi, kwa kuwa magunia yenyewe yamo ndani. Kila gunia tupu likiwa na kilo 0.8, tunatoa 1.6 na kubaki na kilo 203 za mbaazi. Karani aandike uzito ghafi na uzito wa magunia, asiandike jibu la kutoa peke yake. Mkulima akilalamika, jibu tupu halina cha kukaguliwa, lakini namba mbili za mwanzo zinaweza kurudiwa mbele yake.

Daraja nalo ni la mzigo, si la mtu. Gunia moja likiwa safi na jingine lina mbaazi zilizotobolewa na wadudu, pokezi hilo linapata mistari miwili, kila mmoja na uzito na daraja lake. Nimeona madaftari ambamo daraja limeandikwa pembeni mwa jina la mwanachama, kana kwamba alizaliwa nalo.

Uzito na daraja vikishapimwa havibadiliki. Bei ndiyo inayobadilika, kwa hiyo inahitaji jedwali lake, na kila mstari humo useme zao, daraja, bei ya kilo, siku inayoanza na siku inayokoma. Usiifute bei ya zamani ili kuandika mpya juu yake: ukifanya hivyo, mzigo wetu wa Jumamosi utahesabiwa shilingi 280,140 badala ya 294,350, na shilingi 14,210 za mkulima zitapotea bila mtu yeyote kuiba. Kompyuta itafute hivi:

```sql
SELECT m.uzito_halisi * b.bei_kilo
FROM mapokezi m
JOIN bei_wiki b ON b.zao = m.zao
 AND b.daraja = m.daraja
 AND m.muda >= b.kuanzia
 AND m.muda <  b.kukoma;
```

Tazama alama mbili za mwisho. Siku ya kuanzia imo ndani ya wiki, ya kukoma haimo. Wiki ya kwanza inaanza tarehe 7 na kukoma tarehe 14, ya pili inaanza tarehe 14 hiyohiyo, na hazigongani. Ukiweka `<=` kwenye siku ya kukoma, mzigo ulioandikwa saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 14 unapata bei mbili na kulipwa mara mbili; na pale muda unapoandikwa kwa tarehe tu bila saa, mizigo yote ya Jumatatu hiyo inaingia katika mtego huo. Ukijihami kwa kukomesha wiki tarehe 13, kompyuta huisoma kama mwanzo wa siku, na mzigo wa Jumapili jioni unakosa bei kabisa.

Makosa yote mawili hujificha ndani ya jumla kubwa, lakini kuyagundua ni rahisi. Jumlisha kilo za mapokezi kabla ya kuunganisha na bei, kisha baada ya kuunganisha. Zikiongezeka, kuna wiki zinazogongana. Zikipungua, kuna pengo.

Bei ikishapatikana, inanakiliwa kwenye stakabadhi ya mkulima. Karani akiwa ameikosea, stakabadhi isifutwe: uongezwe mstari wa marekebisho wenye tofauti, tarehe na jina la aliyeidhinisha. Malipo nayo yakae katika jedwali jingine, maana deni moja laweza kulipwa kwa awamu.

Mpango huu una mpaka wake. Mbaazi zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia mnada, siku ya kupokea mzigo bei haijajulikana bado. Hapo mzigo uunganishwe na namba ya mnada ulimouzwa, na jedwali la bei za wiki halina kazi.