SOMO LA NYUMBANI: KUPANGA MISTARI YA TAARIFA YA BENKI NA YA SIMU



Katika somo hili tutazame jambo linalowasumbua wengi wetu hapa Kikwe wakati wa kujaza fomu ya mkopo. Fomu inauliza pato la nyumba kwa mwezi. Mtu anaandika hesabu aliyo nayo kichwani, kisha anaambiwa alete taarifa ya benki na taarifa ya simu. Taarifa zikijumlishwa, zinaonyesha fedha nyingine kabisa. Hapo kamati ya chama cha akiba na mikopo huanza kuuliza maswali, na mwombaji mwenyewe huanza kujishuku.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Hesabu zake tumezitunga ili somo lieleweke, lakini mambo yaliyomo tumeyaona mara nyingi. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake hupitia benki. Baba analima nyanya katika shamba la mfereji, na wanunuzi humlipa kwa M-Pesa. Laini hiyo ya simu wanaitumia wote wawili. Katika fomu waliandika mshahara shilingi 800,000 na kilimo shilingi 250,000, jumla 1,050,000. Walitaka mkopo ambao wangeulipa kwa shilingi 200,000 kila mwezi.

Walipojumlisha fedha zote zilizoingia mwezi ule, benki ilionyesha 652,000 na simu 765,000. Jumla ni 1,417,000. Mama akauliza, “Baba, hii 367,000 ya ziada imetoka wapi, nasi tuna madeni dukani?” Swali hilo ndilo somo letu.

Hatua ya kwanza: Pima kila taarifa peke yake

Kabla ya kupanga chochote, hakikisha kwamba hukuruka mstari. Chukua salio la kuanzia, ongeza yote yaliyoingia, toa yote yaliyotoka. Jibu liwe sawa na salio la mwisho lililoandikwa. Benki ilianza na 48,000, zikaingia 652,000, zikatoka 556,000, zikabaki 144,000. Simu ilianza na 15,000, zikaingia 765,000, zikatoka 684,000, zikabaki 96,000. Zote mbili zimekubali, basi tunaweza kuendelea.

Zisipokubali, usianze upya kwa hasira. Tazama kwanza ile tofauti. Kama inagawanyika kwa mbili, tafuta mstari wenye nusu yake: yawezekana fedha iliyotoka umeiandika upande wa iliyoingia. Kama inagawanyika kwa tisa bila baki, yawezekana umegeuza tarakimu mbili, kwa mfano 54,000 ukaiandika 45,000. Hizi ni dalili tu, lakini hufupisha kazi.

Hatua ya pili: Panga fedha zilizoingia

Mbele ya kila mstari wa fedha iliyoingia, jiulize swali moja: Je, fedha hii imeifanya nyumba yetu kuwa na mali zaidi kuliko jana? Kama jibu ni hapana, hilo si pato, hata kama limeandikwa katika safu ya fedha zilizoingia.

Katika taarifa ya simu ilikuwapo mistari mitano ya fedha zilizoingia:

Kutoka benki, 300,000. Huu ni mshahara uleule wa Mama, ambao ulikwisha kuhesabiwa ulipoingia benki. Kuuhesabu tena ulipoingia katika simu ni kama kuhamisha debe la mahindi toka stoo hadi jikoni, kisha kusema tuna madebe mawili. Fungu lake tuliite “Uhamisho wetu wenyewe”. Kila uhamisho huonekana mara mbili: umetoka upande mmoja, umeingia upande wa pili. Watafute wote wawili na kuwafunga pamoja kwa alama moja.

Mkopo wa simu, 50,000. Umeingia leo, lakini deni limeingia nao. Si pato.

Fedha za kikundi, 85,000. Mama ni mhazini wa kikundi cha akina mama, na wenzake humtumia michango katika simu yake. Zilitoka zote wiki hiyohiyo kwenda akaunti ya kikundi. Si za nyumba, wala zisihesabiwe katika pato au matumizi. Ingekuwa afadhali zisipitie katika laini ya nyumba kamwe.

Mnunuzi wa nyanya, 270,000. Haya ni mauzo.

Kutoka kwa kijana wao aliyeko Dar es Salaam, 60,000. Ni fedha yao kweli, lakini hawakuiandika katika fomu, kwa kuwa haiji kila mwezi.

Basi fedha za nyumba zilizoingia kweli ni mshahara 652,000, mauzo 270,000 na msaada wa kijana 60,000. Jumla ni 982,000, wala si 1,417,000.

Hatua ya tatu: Linganisha na fomu

Sasa fomu inasema 1,050,000, na taarifa zinasema 982,000. Bado hazikubali. Chukua hati ya mshahara. Shilingi 800,000 ni mshahara kabla ya makato. Hati inaonyesha mchango wa pensheni wa PSSSF 40,000, kodi ya mapato 68,000, bima ya afya 24,000 na chama cha wafanyakazi 16,000. Makato yote ni 148,000. Toa katika 800,000, nawe unapata 652,000, yaani hasa ile iliyoingia benki.

Sasa tunaweza kutembea toka fomu hadi taarifa bila kuruka hatua:

Iliyoandikwa katika fomu: 1,050,000
Toa makato ya mshahara: 148,000
Ongeza mauzo ya nyanya yaliyozidi makadirio: 20,000
Ongeza msaada wa kijana: 60,000
Fedha za nyumba zilizoingia: 982,000
Ongeza uhamisho, mkopo na fedha za kikundi: 435,000
Jumla ya taarifa mbili: 1,417,000

Hakuna hata shilingi moja isiyo na jina. Karatasi kama hii ukiiambatanisha na fomu, kamati haina sababu ya kukushuku.

Hatua ya nne: Panga fedha zilizotoka

Huku nako uhamisho wa 300,000 tunauweka kando, pamoja na 85,000 za kikundi na 50,000 za kurudisha mkopo wa simu. Lakini mkopo ule ulirudishwa kwa 55,000. Ile 5,000 ya juu ni matumizi halisi, nayo iende katika fungu la ada na riba.

Shida kubwa iko katika fedha taslimu. Mama alitoa 250,000 benki, na Baba akatoa 130,000 kwa wakala. Taarifa inasema “kutoa fedha” basi, haisemi zilifanya nini. Mtu akiandika “taslimu” kama fungu la matumizi, hajapanga kitu. Shilingi 380,000 hizo zinahitaji daftari lao. Daftari la nyumba hii lilionyesha chakula cha soko la Tengeru 190,000, nauli 64,000, sadaka 32,000 na dawa 30,000. Katika mkebe zilibaki 12,000. Shilingi 52,000 hakuna aliyezikumbuka. Tusizisingizie chakula ili hesabu ipendeze. Tuziandike “Hazijulikani”. Fungu hilo likiwa kubwa kila mwezi, limekuonyesha mahali pa kuanzia marekebisho.

Mafungu yote yakawa hivi:

Chakula, dukani na sokoni: 300,000
Shule ya binti: 180,000
Shamba, yaani mbolea, dawa za nyanya na vibarua: 95,000
Nauli: 64,000
Hazijulikani: 52,000
Sadaka: 32,000
Matibabu: 30,000
Umeme wa LUKU: 20,000
Ada za benki na simu, na riba: 20,000
Jumla: 793,000

Kipimo cha mwisho

Fedha zilizoingia 982,000, toa zilizotumika 793,000, zinabaki 189,000. Je, zipo kweli? Mwanzo wa mwezi nyumba ilikuwa na 48,000 benki na 15,000 katika simu, mkebe ukiwa mtupu. Jumla ni 63,000. Mwisho wa mwezi ilikuwa na 144,000, 96,000 na 12,000, jumla 252,000. Zimeongezeka 189,000 kamili. Kipimo hiki kinaonyesha kwamba zilizoingia na zilizotumika zinakubaliana na masalio. Kama uhamisho mmoja ungehesabiwa upande mmoja tu, hesabu isingekubali.

Lakini kumbuka mpaka wa kipimo hiki. Kinakamata mstari uliopotea au uhamisho uliohesabiwa upande mmoja tu, lakini uhamisho uliohesabiwa kuwa pato na pia matumizi hakiwezi kuukamata. Wala hakiwezi kujua kama ulimweka mtu wa nauli katika fungu la chakula. Wala nyanya zilizouzwa taslimu shambani, na fedha yake ikaliwa njiani, hazionekani popote ila zimeandikwa katika daftari.

Waliamua nini?

Kwanza walisahihisha fomu. Mshahara unaofika nyumbani ni 652,000. Kilimo si 270,000, maana hayo ni mauzo. Tukitoa gharama za shamba 95,000, pato ni 175,000. Jumla ni 827,000. Matumizi ya nyumba bila shamba ni 698,000. Pakitokea mwezi ambao kijana hakutuma kitu, yatabaki 129,000. Basi rejesho la 200,000 lisingewezekana. Lingewarudisha katika mikopo ya simu kila mwezi, na riba juu yake.

Tena ule ulikuwa mwezi wa mavuno. Mshahara mwezi mmoja unatosha kuupima, lakini nyanya hazitoshi. Shamba hupimwa kwa mwaka mzima: mauzo yote, toa gharama zote, gawanya kwa kumi na mbili. Kwa hiyo waliomba mkopo mdogo zaidi, wenye rejesho la 80,000.

Zoezi

Chukua taarifa zako za mwezi uliopita na kalamu mbili za rangi. Kwa rangi ya kwanza, wekea alama uhamisho wako mwenyewe, mikopo na fedha za watu wengine. Kwa rangi ya pili, yaliyobaki yote yape mafungu yake. Kisha pima salio la mwanzo na la mwisho, kama tulivyofanya hapa. Isipokubali, tafuta kwanza katika rangi ya kwanza.