Dondoo muhimu: Flashi na kibodi kwenye simu

Flashi isiposomeka kwenye simu, anza kushuku waya.

1. Kwa simu ya tundu la maikro-USB, nunua waya ulioandikwa OTG. Wa kuchajia haufai: pini yake ya nne haijaunganishwa na ardhi, hivyo simu husubiri umeme badala ya kuutoa.
2. Jaribu kibodi au mausi ya waya kwanza. Ikifanya kazi, waya ni mzima, kagua flashi.
3. Fomati flashi kwa FAT32 au exFAT, maana simu nyingi hukataa NTFS. Nakili mafaili kwingine kabla, yote yatafutika.
4. Tafuta OTG kwenye mipangilio. Simu nyingine huizima yenyewe isipotumika.
5. Kisoma kadi kikijizima katikati ya kunakili, chaji simu kwanza.
6. Bonyeza Eject ndipo uchomoe.