Barua Fupi ya Kupatana Nyumbani

Leo tunajifunza kuandika barua ya kumwomba radhi mke au mume baada ya ugomvi. Mistari michache inatosha.

Tumchukue mkulima mmoja. Aliuza debe mbili za mahindi ya chakula bila kumwambia mkewe. Mke alipouliza, mume alifoka mbele ya watoto: "Mahindi ni yangu!" Mke akaenda kwa mama yake. Siku ya tatu mume akaandika hivi:

"Mama Watoto, kama nimekukosea, nisamehe. Lakini na wewe uliniuliza vibaya. Mimi nilikuwa na shida ya pesa. Rudi nyumbani."

Je, mke atarudi? Hata sisi tusingerudi! Tuyatazame maneno yenyewe. "Kama" linaonyesha kwamba mume bado hajakubali kosa. "Lakini na wewe" linafuta msamaha na kuanza ugomvi upya. "Nilikuwa na shida" ni kujitetea. Huenda ni kweli, ila hilo lingoje siku ya mazungumzo. "Rudi nyumbani" ni amri, na mtu aliyekosa hatoi amri.

Sasa tusome barua ya pili:

"Mama Watoto,
Niliuza debe mbili za mahindi bila kukuambia. Tena nilikufokea mbele ya watoto. Mahindi tulilima wote wawili. Najua nimekuvunjia heshima, na umebaki na wasiwasi wa chakula. Nisamehe. Sitauza chakula tena kabla hatujakubaliana. Ukipenda, nitakuja Jumapili tuzungumze.
Ni mimi mumeo."

Barua hii imefuata hatua nne. Kwanza, mume ametaja kosa lenyewe, wala hakusema tu "yale yaliyotokea". Pili, ametaja uchungu wa mwenzake. Tatu, ameomba msamaha kwa neno moja, bila kuongeza sababu. Nne, ameahidi jambo moja analoweza kulitimiza. Hakuahidi kwamba hatakasirika tena maisha yake yote, maana ahadi hiyo ingevunjika mapema.

Usiandike ukiwa bado na hasira. Andika, ulale, kisha asubuhi jisomee kwa sauti. Kila unapokuta "kama", "lakini" au "na wewe", futa mstari huo. Ukishapeleka barua, usidai jibu siku ile ile. Mwenzako naye anahitaji muda.

Tena tuelewane: kama kulikuwa na kipigo, barua peke yake haitoshi, na aliyepigwa halazimiki kurudi kwa sababu ya barua. Usalama wake kwanza. Jambo hilo lifikishwe kwa watu wa kumlinda na kwa wenye mamlaka.

ZOEZI
1. Mke alimwita mumewe mvivu mbele ya wageni. Mwandikie mke huyo barua ya mistari mitano ya kumwomba mumewe radhi.
2. Soma ulichoandika. Je, kuna mahali anajitetea?